Chumba kimoja, dirisha moja

Nimepanga chumba Njiro, futi 13 kwa 16. Mlango uko ukuta mfupi, dirisha ukuta unaouelekea. Sitaki mgeni aone kitanda. Nitenge kwa kabati la nguo?

Hapana. Kabati refu katikati litakula mwanga, na dirisha unalo moja tu. Mwambie fundi seremala akutengenezee shelfu iliyo wazi pande zote mbili: urefu futi 6, kimo futi 5, upana futi 1. Mwanga utapita juu yake na katikati yake.

Kitanda chako cha 5 kwa 6 kilaze upande wa dirisha, kichwa kwenye ukuta wa pembeni ulio mbali na mlango. Acha futi 2 kati yake na dirisha upate pa kusimama ukitandika. Shelfu ifuate ubavu wa pili wa kitanda, ncha moja ikigusa ukuta uleule. Mpaka hapo umetumia futi 8, na nyingine 8 ni za sebule na meza. Kochi liipe shelfu mgongo. Kabati la nguo liende ukuta wa pili, mkabala na miguu ya kitanda.

Shelfu isiyo na mgongo huyumba. Fundi azibe kwa plaiwudi vyumba vilivyo mkabala na mto, na kimoja cha ncha ya mbali. Plaiwudi hiyohiyo inaikaza shelfu na kukusitiri ukiwa umelala. Kisha aifunge ukutani kwa vyuma vya kona, na vitu vizito vikae chini. Mafundi wengi huiruka hatua hii usipowasimamia, na watoto hupenda kupanda.

Je, naweza kujenga ukuta wa jipsamu?

Nyumba ya kupanga? Muulize kwanza mwenye nyumba, na ujue upande mmoja utabaki gizani.

Zulia zuri ni la ukubwa gani?

Swali hili huja kila mara bila vipimo. Pimeni, jamani! Tazama kochi: miguu yake ya mbele lazima ikanyage zulia. Likiishia kabla ya hapo, sebule haina mpaka. Kochi la watu wawili huridhika na futi 5 kwa 7, ile 7 ikifuata urefu wa kochi. Tandika magazeti kwa kipimo hicho kabla hujatoa hela. Chini ya meza ya kula usiweke kitu. Makombo yataganda kwenye zulia na viti vitalikunja. Vigae vitupu vinatosha kuonyesha mahali pa kula.

Nipo Sakina, Arusha, na baridi ya Julai inanitesa. Nikizungushia kitanda pazia zito nitapata joto?

Kidogo, ndiyo. Lisifike karibu na jiko la gesi, na lifungue asubuhi, la sivyo ukungu utaota ukutani nyuma yake. Jiko la mkaa usiliingize ndani kabisa, hata likionekana limezima: hewa yake haina harufu, na huua watu usingizini.