Mwalimu akiuliza "hujaelewa wapi?"

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma biashara. Ukumbini tuko zaidi ya 200, na kila nikitaka kuuliza moyo unanienda mbio hadi somo linahamia kwingine. Juzi kwenye semina ya takwimu nilijikaza nikasema sijaelewa standadi devieshen. Mwalimu akaniuliza, "Hujaelewa wapi?" Nikakosa la kusema, wenzangu wakacheka. Tangu siku hiyo sijafungua mdomo, na ofisini kwake naogopa kwenda. Nifanyeje?*
*Mwenye Haya, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Mwalimu hakukutega. Ukimpelekea fundi pikipiki ukamwambia "ni mbovu", lazima akuulize: haiwaki kabisa, au inawaka halafu inazima njiani? Wewe ulifika na pikipiki bila maelezo. Haya zako tutazifikia, lakini tuanze na swali lenyewe, maana mtu mwenye haya akiwa na swali lililokamilika mkononi huwa na maneno machache tu ya kusema, na hapo ndipo unafuu wake ulipo.

Swali linatengenezwa mezani kwako, kwa kalamu. Chukua zoezi moja dogo, ulifanye mpaka pale unapokwama, na usifute kitu. Tuseme umeambiwa utafute standadi devieshen, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, na umepewa namba 4, 6, 8, 10 na 12. Wastani wake ni 8. Ukitoa wastani huo kwenye kila namba unabaki na -4, -2, 0, 2 na 4. Ukizipiga kipeo cha pili unapata 16, 4, 0, 4 na 16, jumla 40. Namba ziko tano, kwa hiyo unagawa 40 kwa 5 unapata 8, na kipeuo chake ni kama 2.83. Unafungua majibu nyuma ya kitabu: 3.16.

Wengi wakifika hapo hufunga daftari na kusema hesabu hizi si za kwao. Wewe usifunge. Rudi mstari kwa mstari ukijiuliza upi una uhakika nao. Wastani, uko sawa. Tofauti, ziko sawa. Jumla ya 40, iko sawa. Basi shaka imebaki kwenye kugawa. Jaribu kugawa kwa 4: unapata 10, na kipeuo chake ni 3.16. Sasa unajua ulipokwama, tena ni padogo kuliko ulivyodhani. Zungushia mstari ule duara, na pembeni uandike: "Namba ni tano. Kwa nini tunagawa kwa nne?"

Ulinganishe na lile la semina. La semina lingemlazimu mwalimu kurudia kipindi kizima, na asingejua aanzie wapi. Hili analijibu kwa dakika tatu. Atakuonyesha kwamba zile tofauti tano ukizijumlisha daima unapata sifuri, kwa sababu wastani umetoka kwenye namba hizohizo. Ukizijua nne, -4, -2, 0 na 2, ya tano haina uhuru tena: ni lazima iwe 4. Namba zako ni sampuli, yaani sehemu tu ya kundi kubwa, na zinapopimwa kutoka kwenye wastani wake zenyewe huonekana zimekaribiana kuliko zingepimwa kutoka kwenye wastani halisi wa kundi zima. Kugawa kwa 4 badala ya 5 kunarekebisha upungufu huo.

Sasa ofisini. Angalia saa za kuonana na wanafunzi, kwa kawaida hubandikwa mlangoni au huwa kwenye maelezo ya kozi, na uende wiki ya kawaida. Wiki ya mtihani foleni ni ndefu na mwalimu amechoka. Bisha hodi, msalimie, kisha useme sentensi mbili ulizokwisha kuziandika: "Mwalimu, niko kozi ya takwimu, mwaka wa kwanza. Naomba dakika tano, nimekwama mstari huu." Hapohapo weka daftari mezani na kidole kwenye duara. Karatasi inakusaidia kwa namna mbili: macho yenu yote yanaiangalia yenyewe badala ya uso wako, na mwalimu anaona umejaribu. Usitangulize "samahani, swali langu la kijinga". Maneno hayo yanakula muda na yanamlazimu akubembeleze kwanza. Ukiona mwenzako naye amekwama hapohapo, nendeni wawili. Hakuna sheria inayokukataza.

Walimu wengine watakupokea vibaya, nisikufiche. Akikujibu "hilo nimeshafundisha", usigeuke kuondoka. Sema: "Ndiyo mwalimu, noti nimezipitia. Mpaka hii 40 nimefika, kinachonishinda ni hii 4." Mara nyingi sauti hubadilika hapo. Na akikuambia mkutane usiku au nje ya chuo, hiyo si saa ya ofisi. Usiende, na umwambie mtu unayemwamini.

Kosa kubwa la wenye haya huja mwishoni. Mwalimu anauliza "umeelewa?", nao wanatikisa kichwa ili watoke haraka. Badala yake sema, "Ngoja niseme nilivyoelewa," kisha useme, hata kwa kugugumia. Ukikosea atakurekebisha palepale. Halafu ongeza swali moja la kupima mpaka wa jibu: "Je, hizi namba tano zingekuwa ndizo kundi zima, si sampuli, ningegawa kwa 5?" Atakuambia ndiyo, na hapo utajua lini utumie ipi, jambo ambalo mtihani hupenda kuliuliza.

Ukumbini usijaribu swali la ofisini. Mbele ya watu 200, swali linalofaa ni la sentensi moja kuhusu kitu kilichoko ubaoni sasa hivi: "Mwalimu, mstari wa tatu, ile 4 imetoka wapi?" Liandike kabla ya kunyoosha mkono, kisha ulisome kama lilivyo. Sauti ikitetemeka, maneno yatabaki yaleyale. Nyoosha mkono mwalimu akiwa bado kwenye mstari huo. Ukingoja lile "kuna swali?" la mwisho, watu wanafunga mabegi na kila mtu anakulaani kimoyomoyo. Kaa safu ya pili au ya tatu: sauti inafika bila kupaza, na wengi wa wale 200 wako nyuma yako, huwaoni. Kicheko kipo, lakini ukiuliza la mstari wa tatu wenzako huinama kunakili jibu, maana nao walikuwa wamepotea.

Halafu kuna Kiingereza, ambacho hukukitaja ila nakishuku. Usitunge swali kwa Kiingereza kichwani huku umesimama. Liandike kwanza kwa Kiswahili mpaka likae sawa, kisha lifanye la Kiingereza chenye maneno kumi au pungufu. Ofisini unaweza kuomba, "Naomba niulize kwa Kiswahili". Wahadhiri wengi hukubali, hasa mkiwa wawili tu.

Ukitoka ofisini, simama koridoni uandike jibu kwa maneno yako kabla hujapiga hatua nyingi, kwa sababu ukifika hosteli nusu yake itakuwa imeyeyuka. Jioni hiyohiyo fanya zoezi jingine peke yako: 2, 3 na 7. Wastani ni 4, jumla ya vipeo ni 14, na ukigawa kwa 2 unapata 7, ambayo kipeuo chake ni kama 2.65. Ukikwama tena mahali pengine, zungushia duara jipya uende nalo wiki ijayo.