Ukiota unavuka maji, tazama kwanza nani kashika usukani

Binti mmoja wa Mafia kaniandikia. Anaolewa baada ya Idi, mume yuko Dar, na tangu mahari ipokelewe anaota ndoto ileile: yuko kwenye boti, katoka Kilindoni anakwenda Nyamisati, wakifika katikati injini inazima. Nahodha kampa mgongo na hageuki hata akiitwa. Shangazi yake kamwambia chombo kukwama ni ndoa kuvunjika. Sasa ananiuliza aahirishe harusi?

Mdogo wangu, usiahirishe harusi kwa sababu ya injini ya ndotoni. Lakini usiitupe ndoto yenyewe, maana ina jambo la kukuambia, na shangazi hakulisikia kwa kuwa hakukuuliza kitu. Kasikia "chombo", kasikia "kukwama", akatoa hukumu.

Sisi watu wa pwani tumerithi elimu ya taabiri, na jina linalotajwa kuliko yote ni la Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, yaani 729 Miladia. Vile vitabu vya ndoto vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na watu waliokuja nyuma yake sana, kwa hiyo usivishike kama msahafu. Kinachofaa kushikwa ni njia inayosimuliwa kuwa ndiyo yake. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja kaota anaadhini. Wa kwanza akaambiwa utakwenda kuhiji. Wa pili akaambiwa utakamatwa kwa wizi. Ndoto moja, majibu mawili, kwa sababu katika Kurani kuna tangazo la Hija alilopewa Ibrahimu, na kuna tangazo la yule aliyewaita ndugu zake Yusuf wezi. Mfasiri alimtazama muotaji kwanza, kisha ndipo akajua aya ipi inamhusu.

Ukiichukua njia hiyo kwenye ndoto za vyombo, utaona mambo yanavyopanuka. Wafasiri wengi wanaanza na safina ya Nuhu, kwa kuwa Surat Al-Ankabut inasema aliokolewa yeye na watu wa safina, na hapo chombo ni kuokoka. Ila kuna mto wa Talut katika Surat Al-Baqara: jeshi likaambiwa litajaribiwa kwa mto, anayekunywa si mwenzetu, isipokuwa atakayeteka gao moja kwa mkono wake. Wengi wakanywa, wachache wakavuka. Huo ni mto wa mtihani. Halafu kuna jahazi la maskini ambalo Hidhri alilitoboa makusudi ili mfalme mnyang'anyi asilichukue. Kwa hiyo hata chombo kinachovuja, mtu anaweza kusomewa heri. Sasa niambie, shangazi alijuaje kwamba ndoto yako ni ya kuvunjika?

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu jambo hili limeniuma mimi mwenyewe.

Nilipopewa talaka nilirudi kwetu Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na watoto wangu na vyombo vichache vya jikoni. Anayepajua anajua kivuko kile ni dakika chache tu, ukiwa upande wa mjini minazi ya Bweni unaiona wazi. Lakini usiku nilikuwa nauvuka mto uleule na hauishi. Si kwa kivuko, kwa mashua ya zamani ya tanga. Mimi nimekaa omo, uso nimeuelekeza nyuma, nautazama mji wa Pangani. Tezini yupo aliyekuwa mume wangu, kashika kana, na hasemi. Maji ya ngama yananifika kwenye vifundo vya miguu, ya baridi, yana harufu ya sifa ya papa. Nikiamka miguu naihisi imelowa.

Mama akaingiwa na hofu, akanipeleka kwa mtu wa ramli. Yule bwana akapiga bao lake, akapokea hela, akasema kuna mwanamke wa upande wa mume kanifunga nisivuke. Mama hakuhitaji jina. Kwake jibu likawa wifi yangu, mtu ambaye nilipojifungua mtoto wa pili ndiye aliyekuwa akinikanda na kunipikia uji. Maneno yakafika, maana maneno ya namna hiyo hufika. Mpaka leo tukikutana msibani ananipa mkono wa ncha za vidole. Mimi sikuyaamini yale ya ramli hata siku ile, na nilisema, lakini nani alinisikiliza? Mwanamke aliyetoka kuachwa, neno lake nyumbani ni dogo.

Aliyenifaa ni mzee mmoja aliyenisomesha madrasa nikiwa mdogo. Hakuniambia ndoto ina maana gani. Aliniuliza maswali matatu: nani kashika usukani, wewe unatazama wapi, na maji yanaingia kutoka wapi? La tatu sikuwa na jibu. Mawili ya kwanza nilipoyajibu kwa mdomo wangu, nikajisikia. Nilikuwa nimeachwa, eda imekwisha, na bado nangoja mtu mwingine anifikishe, huku shingo nimeigeuza nilikotoka.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba watu wa maabara nao wamepita karibu na hapo. Daktari Ernest Hartmann wa Marekani alichunguza ndoto za watu waliopatwa na mambo makubwa, na akakuta mtu aliyeunguliwa na nyumba anaweza kuota wimbi kubwa linamzoa, si moto. Maelezo yake ni kwamba ndoto haipigi picha ya tukio, inapiga picha ya hisia iliyotawala: hofu, kuzidiwa, kukosa msaada. Ndiyo maana nasema ukiota unavuka, usianze kuuliza boti ni nini. Uliza ulijisikiaje humo ndani. Aliyeota mto umejaa naye anacheka, na aliyeota mto mkavu naye analia, hawakuota jambo moja.

Mwingine ni Rosalind Cartwright, aliyefanya kazi yake Chicago. Yeye aliwafuata watu waliokuwa wakiachana na waume au wake zao, akawalaza maabara, akawaamsha katikati ya ndoto na kuwauliza wameona nini. Waliokuwa na huzuni kubwa lakini wakimwota mwenzi wao waziwazi, kwa uchungu na hasira, walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuwa wamepona baada ya mwaka kuliko wale ambao ndoto zao hazikumgusa. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule bwana kwenye kana. Kumbe kumwota halikuwa pingu.

Na ndoto ilibadilika. Nilipoanza kununua samaki alfajiri na kukaanga kwa mauzo, nikaota mashua ileile, tezini hakuna mtu, tanga linapigapiga. Baada ya hapo nikaota kana ninayo mimi, mkono mmoja nafua maji kwa kopo la rangi. Sikuwahi kuota nafika Bweni. Ndoto iliacha tu kuja, na nilishtukia muda umepita sijaiota. Nalisema hili kwa sababu wengi wananiuliza ndoto ya kufika huwaje, wanaingoja kama risiti. Mimi nimevuka bila kuiona, na leo nina jiko langu na watu wawili nawalipa mshahara.

Basi ukitaka kuisoma ndoto yako, iandike, na iandike mapema. Usingizi wenye ndoto kali hurudi takriban kila dakika 90, na kila kunapokaribia kucha kipindi chake hurefuka, ndiyo maana ile ya kabla ya alfajiri ndiyo tunayoamka nayo. Inapotea upesi sana. Usigeuke, usiguse simu. Lala vilevile uipitishe kichwani kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kisha andika. Andika nani alikuwa tezini, wewe ulikaa wapi, uso wako ulielekea wapi, na ndoto ilikatikia wapi. Pembeni andika jambo moja la jana lililokusumbua. Zikishakuwa kadhaa, zisome pamoja, utaona nini kinahama. Ndoto moja peke yake mimi siiamini hata kidogo, iwe ya heri au ya shari.

Binti wa Mafia aliponijibu maswali ya mzee wangu, aliandika kwamba nahodha alivaa shati la kaka yake. Kaka ndiye aliyepokea posa, kapanga tarehe, kachagua hata ukumbi, na yeye hajaulizwa. Sasa hapo tuna mazungumzo! Akae na kaka yake na mchumba wake, aseme anataka nini kuhusu siku yake na nyumba atakayokaa. Ndoa haina kasoro niliyoisikia mimi.

Na usimsimulie kila mtu. Mafundisho ya Mtume yako wazi: ndoto njema mwambie unayempenda, mbaya usiitangaze, ukiamka nayo, tema kushoto mara tatu bila mate, jikinge kwa Mungu, geuka ubavu. Angekuwa mama yangu kafuata hilo tu, wifi yangu angekuwa bado anakuja kwangu.

Ikiwa ndoto inakutisha mpaka unaogopa kulala, kuna njia ambayo Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili, wakachapisha matokeo mwaka 2001, na majinamizi yakapungua. Mchana, si usiku, andika ndoto ile, kisha ibadilishe popote unapotaka: injini iwake, au nahodha ageuke. Halafu ile mpya uipitishe akilini dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa wiki kadhaa. Unaanza na ndoto nyepesi, si ile kali kuliko zote.

Ila haya yote ni ya mtu anayeota chombo kwa sababu maisha yake yanahama. Mvuvi anaota ngalawa kwa kuwa kashinda ndani ya ngalawa, hapo hakuna la kufasiri. Na aliyenusurika MV Bukoba mwaka 1996, au Spice Islander mwaka 2011, au MV Nyerere mwaka 2018, akiota maji yanaingia, huyo haoti kuvuka hatua ya maisha. Anakumbuka. Asiandikiwe kombe wala asipigiwe bao, na hata ile njia ya kubadilisha ndoto asiifanye peke yake chumbani. Apelekwe hospitali ya mkoa, aulizie huduma ya afya ya akili, na mtu wa nyumbani aende naye.