Bei ya dhahabu Namungo na ununuzi wa BoT

"Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ikinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, sisi wa Namungo hapa Ruangwa bei ya dalali inabadilikaje?"

Kaka, dalali huanzia bei ya dunia, kisha anatoa mrabaha wa serikali, ada ya ukaguzi na faida yake. Dhahabu inayouzwa BoT kupitia kiwanda cha kusafisha hukatwa mrabaha wa 4% badala ya 6%, na ada ya ukaguzi ya 1% inaondolewa. Tuseme gramu safi ni shilingi 300,000: makato yanashuka kutoka 21,000 hadi 12,000. Hizo 9,000 zinampa mnunuzi wa njia hiyo nafasi ya kukulipa bei ya juu zaidi, na dalali asipofuata, mzigo unampita. Ila viwanda viko mbali, Geita, Mwanza na Dodoma. Mwenye gramu tatu hafiki huko, na dalali analijua hilo. Unganisheni mzigo kwenye kikundi, mpime usafi kabla ya kutajiwa bei.