Koneksheni za Dar kwa elfu ishirini na tano kwa mwezi

Mimi natengeneza nembo na lebo, naishi Kimara. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea niliambiwa nitoke nikakutane na watu, nikatoka. Usiku mmoja nilienda kwenye mkutano wa wajasiriamali katika hoteli moja Masaki. Kiingilio 50,000, nauli ya kwenda 2,000, soda 5,000. Mambo yakaisha saa nne usiku, daladala za kueleweka hakuna, bodaboda akanibeba hadi Kimara kwa 15,000. Jumla 72,000. Nilizungumza na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anatafuta kazi kama mimi.

Tangu siku hiyo siulizi kwanza kiingilio ni shilingi ngapi. Nauliza: nitarudije? Neno "bure" kwenye tangazo halina maana kama eneo halina usafiri baada ya saa mbili usiku. Bodaboda moja ya usiku inakula nauli za wiki nzima.

Kwa hiyo nachora ramani yangu kwa kufuata mwendokasi. Nikipanda Kimara, nashuka kituo cha Fire, kisha natembea kwa Barabara ya Umoja wa Mataifa kuingia Upanga. Huko kuna vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa, Goethe-Institut na Alliance Française, na nyingi ya shughuli zao za wazi, kama ufunguzi wa maonyesho ya picha au mazungumzo na wasanii, hazina kiingilio. Kwa mtu wa kazi yangu, ufunguzi wa maonyesho unaushinda mkutano wa hotelini, kwa sababu watu wamesimama na wanazunguka. Picha ukutani inakupa la kuanzia, hulazimiki kujitambulisha kama unayeomba kura. Nafasi Art Space ya Mikocheni nayo naipenda, ila huko naenda mchana tu, kwa sababu ile ile ya kurudi.

Nauli kwenda na kurudi huwa 1,500, maji 500. Mara tatu kwa mwezi ni 6,000. Bando natenga 10,000. Kwenye 25,000 zangu za mwezi zinabaki 9,000, na hizo sizigusi mpaka nipate mtu mmoja ninayetaka kweli kuzungumza naye tena. Huyo namwalika chai na chapati mjini, karibu na ofisi yake, ili asitumie nauli. Kukutana mara ya pili ndiko kunakoleta kazi, na wengi wetu tunafika hapo mfuko mtupu kwa sababu fedha yote imeishia mlangoni.

Mkutano wa kulipia ukiwa na watu unaowahitaji hasa, omba kujitolea. Mimi huandika siku kumi kabla, ujumbe mfupi: "Habari, naweza kuwasaidia mezani kwenye usajili kuanzia saa moja asubuhi hadi chai ya saa nne. Baada ya hapo ningeomba kuingia ukumbini." Hayo masaa yataje mapema. Mara ya kwanza sikuyataja, nikashinda siku nzima nabeba katoni za maji huku makofi nayasikia kwa mbali. Na ile orodha ya namba za simu iliyo mbele yako usiipige picha. Watu hawakuiandikia wewe, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Muombe mtu namba yake kwa mdomo.

Kwenye data nilikuwa napoteza bila kujua. Mkutano wa Zoom wenye video unaweza kula hata GB moja kwa saa, kwa hiyo mimi huzima kamera, na pia huzima video zinazoingia kama mzungumzaji hana cha kuonyesha. Makundi ya WhatsApp niliyoongezwa baada ya kila mkutano ndiyo yalikuwa mchwa: ingia Settings, Storage and data, kisha zuia picha na video zisijipakue zenyewe.

Kumbuka pia bando la mwenzako. Mama mmoja muuza viungo niliyekutana naye Upanga aliniambia nimtumie kazi zangu. Nikamtumia faili la MB 18. Kimya siku nne. Nikampigia, akacheka: "Mwanangu, hilo dude halifunguki, bando langu la mia tano." Nikapunguza ukubwa wa picha tatu, kila moja chini ya KB 200, nikazituma upya jioni ile. Asubuhi akanitumia picha ya kopo la mdalasini lililobandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na chini yake: "Hili utalifanyaje?"