Njia za mteja mmoja zilipoingia kwa mteja mwingine: somo la RD na RT kutoka Kisumu

Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, afisa wa tehama wa hospitali moja hapa Kisumu alinipigia simu. "Kaka, kompyuta za mapokezi hazifungui mfumo wa wagonjwa. Ijumaa jioni zilikuwa sawa. Foleni imefika getini."

Seva ya mfumo huo iko makao yao makuu Nakuru, kwenye anwani 192.168.10.5. Tawi la Kisumu linatumia 192.168.20.0/24. Faiba ilikuwa sawa na ruta yao ilikuwa inajibu. Tawi lao la Kericho, ambalo nalo hutegemea seva hiyohiyo, lilikuwa linahudumia wagonjwa bila shida yoyote. Kwa hiyo seva ilikuwa nzima, na tatizo lilikuwa kati ya Kisumu na Nakuru, ndani ya mtandao wetu sisi watoa huduma.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeanza kushika ruta za MPLS zenye wateja wengi. Kosa nililolikuta siku ile ni langu mwenyewe, na linatokana na kuchanganya vitu viwili ambavyo kwenye usanidi vinaandikwa kwa namba zinazofanana kabisa.

Tuanze na jinsi wateja wanavyotenganishwa. Ruta yetu ya Kisumu iliyo ukingoni, ile inayogusana na ruta za wateja na ambayo kazini tunaiita PE, inahudumia ofisi za wateja wengi kwa wakati mmoja. Kila mteja ana jedwali lake la njia ndani ya ruta hiyo, na jedwali hilo ndilo VRF. Poti ya hospitali imefungwa kwenye VRF ya hospitali, na poti ya sacco iko kwenye VRF ya sacco. Pakiti ikiingia kwenye poti ya hospitali, ruta inatafuta njia kwenye jedwali la hospitali peke yake. Ndiyo maana wateja wawili wanaweza kutumia anwani zilezile za 192.168 bila kugongana, na wanazitumia kweli, kwa sababu kila fundi anayefunga ofisi mpya huanza na hizo.

Ugumu unaanza pale njia za VRF zinapotakiwa kusafiri kutoka PE ya Nakuru hadi PE ya Kisumu. Zote hupita kwenye BGP moja. Ikiwa hospitali na sacco wote wanatangaza 192.168.10.0/24, BGP itaziona kuwa njia moja na kuchagua mojawapo. Kuzuia hilo, PE hutanguliza namba mbele ya kila njia, yenye biti 64, inayoitwa RD. Njia ya hospitali inakuwa 64500:202:192.168.10.0/24 na ya sacco inakuwa 64500:101:192.168.10.0/24. Sasa ni njia mbili tofauti, na kila moja inafika salama upande wa pili.

Hapo ndipo kazi ya RD inapoishia. Inatofautisha njia zikiwa safarini, lakini haisemi ziingie kwa nani. Anayeamua hilo ni RT, alama inayobandikwa kwenye njia wakati PE inapoitangaza. PE ya upande wa pili inasoma alama hiyo na kuuliza: je, kuna VRF kwangu iliyoagizwa kupokea alama hii? Ikiwepo, njia inaingia kwenye jedwali la VRF hiyo. Isipokuwepo, njia inaachwa. Mafundi wengi wanaamini RD ndiyo uzio wa mteja kwa sababu imeandikwa juu kabisa ya usanidi, na kwa sababu tumezoea kuzipa RD na RT namba moja. Uzio ni RT. VRF yenye RD sahihi kabisa itapokea njia za mteja mwingine ikiwa tu umeiagiza ipokee RT yake.

Nirudi kwenye ile asubuhi. Nilianza na ping kutoka PE ya Kisumu ndani ya VRF ya hospitali, kimya. Traceroute nayo ikatoa nyota tupu kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Nyota zile zilinipotezea kama robo saa, kwa sababu nilidhani lebo, namba ambazo MPLS hutumia kupitisha pakiti, zimekatika mahali fulani kwenye uti wa mgongo. Lakini kwenye MPLS, ruta ya katikati haizijui njia za wateja. TTL ikiisha mikononi mwake, jibu lake hulipeleka mbele kwa lebo zilezile hadi PE ya mwisho, na kutoka huko ndiko jibu linapotafuta njia ya kurudi. Ikiwa upande ule haujui njia ya kumrudia aliyeuliza, majibu ya ruta zote za njiani yanapotea pamoja. Kwa hiyo nyota tupu kwenye traceroute ya VRF hazikuonyeshi mahali palipokatika.

Nikaacha kupiga ping nikaliuliza jedwali lenyewe.

```
show bgp vpnv4 unicast vrf HOSPITALI 192.168.10.0
```

Jibu lilikuwa na njia mbili kwenda 192.168.10.0/24. Moja ilitoka Nakuru, metriki 60, RT:64500:202. Nyingine ndiyo iliyochaguliwa kuwa bora, na ilisomeka hivi:

```
Local, imported path from 64500:101:192.168.10.0/24
  10.255.0.7 (metric 20)
  Extended Community: RT:64500:101
```

10.255.0.7 ni PE yetu ya Kakamega. Hospitali hii haina ofisi Kakamega. Nilipoiona anwani ile nilijua tayari kwamba pakiti za wagonjwa zinaelekezwa kwenye mtandao wa mtu mwingine, nikamwambia yule afisa wa tehama awaambie wa mapokezi wasiendelee kujaribu kuingia kwenye mfumo mpaka nimpigie.

Njia ile ilifikaje pale? Wiki tatu nyuma nilikuwa nimefungua VRF ya hospitali kwenye PE ya Kisumu. Sikuandika upya, nilinakili ya sacco, iliyokuwa na mistari miwili ya kupokea. Mmoja ulikuwa wa RT 64500:900, ambayo wateja wetu wote hupokea kwa ajili ya seva zetu za ufuatiliaji. Mwingine ulikuwa wa 64500:101, RT ya sacco yenyewe. Nilibadilisha jina, RD na RT ya kutangaza, nikaongeza mstari wa kupokea 202, na ile miwili nikaiacha nikidhani yote ni ya pamoja. Matokeo yalikuwa haya:

```
vrf definition HOSPITALI
 rd 64500:202
 address-family ipv4
  route-target export 64500:202
  route-target import 64500:202
  route-target import 64500:900
  route-target import 64500:101
```

Kwa wiki tatu hakuna aliyelalamika. Ofisi za sacco zilikuwa zinatumia mitandao ambayo hospitali haikuwa nayo, kwa hiyo njia zao zilikaa ndani ya jedwali la hospitali bila kugusa chochote. Jumamosi sacco ikafungua ofisi Kakamega, na fundi wao akaipa 192.168.10.0/24. Alikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo. PE ya Kisumu sasa ikawa na njia mbili kwenda mtandao uleule ndani ya VRF moja, vigezo vya mwanzo vya BGP vikalingana, na ikachagua iliyo karibu kwa metriki ya ndani. Kakamega ni karibu kuliko Nakuru. Kericho haikuguswa kwa sababu PE yake niliisanidi siku nyingine, kwa mkono, bila ule mstari.

Jambo la kuelewa vizuri hapa ni mahali pakiti zilipokuwa zinaishia. Pakiti ya hospitali inapotoka Kisumu hubeba lebo mbili. Ya juu inaifikisha PE ya mwisho, na ya ndani iligawiwa na PE hiyohiyo ya mwisho ili ijue pakiti ni ya njia ipi ya mteja yupi. Njia iliyochaguliwa ilikuja na lebo ya ndani ya sacco, kwa hiyo PE ya Kakamega, ikifuata kazi yake sawasawa, iliitoa pakiti kwenye poti ya sacco. Pakiti zilikuwa zinaingia kweli kwenye ofisi ya watu. Kurudi ndiko kulishindikana: VRF ya sacco haikuwa imeagizwa kupokea RT ya hospitali, hivyo haikuijua 192.168.20.0/24. Mvujo wa namna hii mara nyingi ni wa upande mmoja, na mteja anauona kama kukatika kwa laini.

Kurekebisha kulichukua sekunde chache, lakini kabla ya kufuta mstari wa RT hakikisha kwanza haukuwekwa kwa makusudi. Wakati mwingine wateja wawili huomba waonane, na mistari kama ule, mmoja kila upande, ndiyo inayowaunganisha. Niliangalia mkataba wa hospitali na wa sacco, hakuna aliyeomba, nikafuta:

```
vrf definition HOSPITALI
 address-family ipv4
  no route-target import 64500:101
```

Njia ya Kakamega ilitoka kwenye jedwali, ya Nakuru ikashika, na mapokezi wakaanza kusajili wagonjwa. Tahadhari moja kwa mgeni: usijaribu kurekebisha kwa kuitoa poti kwenye VRF na kuirudisha. Kwenye ruta za Cisco, amri ya `vrf forwarding` hufuta anwani ya IP iliyo kwenye poti, na utakuwa umemkata mteja mara ya pili.

Baada ya hapo niliwapigia sacco nao nikawaeleza kwamba pakiti za mteja mwingine zimekuwa zikiingia Kakamega tangu Jumamosi. Simu ile ilikuwa nzito, lakini walikuwa na haki ya kujua. Swali lao la kwanza lilikuwa: je, data yetu imesomwa? Niliwajibu kwa ukweli. VRF hutenganisha njia, haisimbi data. Njia zao zilionekana upande wa hospitali, data yao haikutumwa huko, lakini asiyetaka kumtegemea mtoa huduma kwa siri zake aweke IPsec kati ya ofisi zake juu ya VPN hii. Walifanya hivyo mwezi uliofuata.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta kama nimeacha mistari mingine ya namna hiyo. Kwa mteja wa kawaida anayeunganisha ofisi zake tu, RT anazopokea zinapaswa kuwa zilezile anazotangaza, pamoja na 900 yetu. Kitu cha ziada lazima kiwe na karatasi ya kukieleza. `show vrf detail` inaonyesha orodha zote mbili, za kutangaza na za kupokea, moja juu ya nyingine. Nilizunguka PE zote, Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru, VRF moja baada ya nyingine, hadi saa tano usiku.

Nakuru nilikuta nyingine. VRF ya kampuni ya maua ilikuwa inapokea RT ya chuo kimoja, na jedwali lake lilikuwa na njia 14 zisizo zake. Anwani zao hazikuwa zimegongana bado. Nilifuta mstari ule usiku uleule, na asubuhi nikawapigia simu wote wawili.