Shikamoo au "Yah"?

"Mteja wangu ni mzee mstaafu, yuko Chumbageni. Nimwandikieje kuhusu bei mpya ya ukarabati?"

Salaam ndugu. Bei ikibadilika, mpelekee barua: anwani, tarehe, "Ndugu", kisha "YAH: MABADILIKO YA GHARAMA ZA UKARABATI", na saini. Shikamoo haikai humo, maana karatasi hiyo huenda ikasomwa na wanawe au wakili.

Wasapu ndiko kwenye shikamoo, ila usiitume peke yake ukasubiri marahaba. Andika: "Shikamoo mzee. Barua ya gharama nimemkabidhi kijana wako leo. Naomba nikupigie jioni baada ya Magharibi." Usifupishe maneno, wala usimdai jibu humo.

Barua pepe ifuate alivyokuandikia yeye. Akianza na "Kijana wangu", shikamoo inafaa, kisha ambatisha barua ileile.