Msimamizi wa uzamivu hajibu barua: nimbadilishe?

Swali: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu Uswidi, nimeajiriwa na chuo kama mwanafunzi wa uzamivu. Nilirudi nyumbani Kigoma kuchukua sampuli za dagaa kwa miezi 12. Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nikaambulia miezi 9. Msimamizi wangu mkuu alisema nimezembea, na tangu hapo barua pepe nne hajajibu. Nataka kumbadilisha ila naogopa kupoteza kazi, kibali cha kukaa na data zangu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Haki unayoiogopa kuidai imeandikwa. Kanuni ya Elimu ya Juu ya Uswidi, sura ya 6, kifungu cha 28, inasema kila mwanafunzi wa uzamivu awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na anayeomba kubadilisha msimamizi apewe. Kifungu hakimdai sababu. Mimi nilisomea nchi nyingine, ambako msimamizi ndiye aliyekuwa pia mtoa alama wa andiko langu, na haki ya namna hiyo sikuwa nayo. Nilinyamaza miezi saba nikidhani ni heshima. Kumbe msimamizi wangu alikuwa anahesabu kimya changu kuwa ni kazi inayokwenda vizuri.

Lakini kifungu hicho kinakupa haki ya kuondoka kwa mtu, hakikupi haki ya kumchagua atakayefuata. Huyo idara ndiyo itakayomtafuta. Kwa hiyo kabla ya kuomba, weka kumbukumbu zako sawa ili ukiondoka uondoke na kazi yako.

Barua zako nne nina wasiwasi nazo. Nahisi zilikuwa za kuomba radhi na kueleza. Barua ya namna hiyo haina swali ndani yake, na mtu aliyekasirika huiweka kando. Andika ya tano, fupi, yenye jambo la kuamua:

"Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa ziwa zima kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Tangazo nimeambatisha. Ninazo sampuli za miezi 9. Napendekeza swali la utafiti libadilike: tulinganishe dagaa wa kabla na wa baada ya kufungwa. Naomba tuzungumze kwa video ndani ya siku kumi. Nakala nimempa msimamizi msaidizi."

Hilo pendekezo sikulitia kwa kupamba. Ukingoja mwaka mwingine ujaze miezi mitatu iliyokosekana, hakuna anayekuhakikishia kuwa ziwa halitafungwa tena majira yaleyale. Pengo ulilonalo linaweza kuwa ndiyo sura bora ya andiko lako, na msimamizi msaidizi akiliona hivyo, ugomvi unaacha kuwa wa uzembe wako na unakuwa wa kisayansi.

Siku kumi zikipita kimya, nenda kwa watu wawili, na usiwachanganye. Wa kwanza ni mtetezi wa wanafunzi wa uzamivu. Kwenye tovuti ya chuo mtafute kwa neno *doktorandombud* au *doktorandombudsman*. Huyo yuko upande wako, hutunza siri, hukaa nawe kikaoni, lakini haamui kitu. Wa pili ni mkurugenzi wa masomo ya uzamivu wa idara. Huyo ndiye wa kuitisha usuluhishi, na anatakiwa asimwegemee yeyote. Anza na mtetezi, akusaidie kusoma mpango wako binafsi wa masomo, ile hati inayosema chuo kinakudai nini na wewe unakidai nini. Wengi huusaini kila mwaka bila kuufungua. Kama umeandika saa za usimamizi unazostahili na hukuzipata, hapo ndipo penye uzito wako. Omba pia ufungaji wa ziwa uingizwe humo kama badiliko la mpango, maana pengo ambalo halimo kwenye hati litasomwa baadaye kama uchelewaji wako.

Kikaoni usipeleke historia ya miaka mitatu. Peleka madai matatu yanayoweza kupimwa: mkutane kila baada ya wiki mbili, rasimu ijibiwe ndani ya wiki tatu, na swali jipya la utafiti likubaliwe au likataliwe kwa maandishi. Jioni ileile watumie wote muhtasari wa mlichokubaliana, hata kama mkurugenzi ameahidi kuuandika yeye. Baada ya hapo hesabu. Mikutano miwili ikipita bila yeye kutokea na bila taarifa, usuluhishi umekufa. Usiombe wa pili. Na kama ndani ya mambo haya kuna matusi, vitisho au kuguswa, usuluhishi ruka kabisa, nenda moja kwa moja kwenye malalamiko rasmi ukiwa na mtetezi.

Sasa hofu zako. Mwajiri wako ni chuo, si msimamizi, hata kama mshahara unatoka kwenye mradi wake. Hana mamlaka ya kukufukuza uzamivu. Kumwondolea mwanafunzi usimamizi kwa sababu amepuuza wajibu wake ni uamuzi wa rekta, yaani mkuu wa chuo, unaotanguliwa na kukusikiliza wewe na wasimamizi wako, na ni lazima waangalie kama chuo nacho kilitimiza upande wake wa mpango. Tena hauwezi kufanyika kwa kipindi ambacho tayari umeajiriwa kwa mkataba huo wa uzamivu. Mikataba yenyewe huongezwa vipande vipande, kila kipande kisizidi miaka miwili, kwa jumla inayolingana na miaka minne ya masomo ya muda wote. Angalia kipande chako kinaisha lini. Ukibakiza miezi miwili, maliza kwanza suala la mkataba.

Kibali cha kukaa kinafuata masomo yako. Ukibaki chuo kilekile kwenye programu ileile, kubadilisha jina la msimamizi hakukiondoi. Shida huja wakati wa kukiongeza, maana utatakiwa kuonyesha masomo yanaendelea, na mtu asiye na msimamizi mkuu kwa miezi minne atahangaika kupata uthibitisho huo. Kwa hiyo usiombe kuondolewa huyu halafu atafutwe mwingine. Omba yote mawili kwa ombi moja. Aghalabu njia fupi ni msimamizi msaidizi apande kuwa mkuu na idara iongeze msaidizi mpya. Mwulize kwanza faraghani. Akisita, asikuudhi, huenda wanagawana ofisi na mradi na huyo unayemkimbia.

Data ndizo huwa zinaumiza watu baadaye. Siku unayowasilisha ombi, wasilisha na karatasi ya ukurasa mmoja: sampuli zipi, zimehifadhiwa wapi, nani anaruhusiwa kuzitumia, na makala ipi iliyoanza itakuwa na majina ya nani kwa mpangilio upi. Kama msimamizi wa zamani alichangia kweli, jina lake libaki. Kumnyima kutakuletea kesi usiyoihitaji. Angalia pia kibali chako cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Kama jina lake limo humo, waulize utaratibu wa kubadilisha kabla hujarudi kuchukua sampuli nyingine.

Kama bado uko Kigoma, lipo jambo moja ambalo Uswidi hutaliweza. Nenda mwalo wa Kibirizi, waone viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, omba nakala ya tangazo la kufungwa na kumbukumbu za siku ambazo mitumbwi haikutoka. Ziwe na tarehe na muhuri, zipige picha, kisha ndipo uandike hiyo barua ya tano.